Kuhamisha hati: Sohni na mtungi wake kati ya Gurmukhi na Shahmukhi

Kipunjabi ni lugha moja yenye hati mbili. Upande wa India huandikwa kwa Gurmukhi, kutoka kushoto kwenda kulia. Upande wa Pakistan huandikwa kwa Shahmukhi, yaani herufi za Kiarabu na Kiajemi, kutoka kulia. Tangu mpaka ulipochorwa mwaka 1947, msomaji wa Amritsar, India, na mwenzake wa Lahore, Pakistan, husikilizana wakiongea, ila kitabu cha mmoja mara nyingi hakisomeki kwa mwingine. Kuhamisha hati ni kuandika upya maneno yaleyale kwa herufi nyingine. Hakuna kinachotafsiriwa.

Chukua kisa cha Sohni, binti mfinyanzi, aliyevuka mto Chenab usiku akielea kwa mtungi kwenda kwa mpenzi wake Mahiwal. Wifi yake akaubadilisha mtungi uliochomwa kwa mbichi. Ule mbichi ukayeyuka majini, Sohni akazama.

Sasa tuseme tunatoka Shahmukhi kwenda Gurmukhi, na tumefika kwenye maneno اس گھڑے نال. Shahmukhi kwa kawaida haitii irabu fupi, kwa hiyo اس yaweza kuwa “is” au “us”: “kwa mtungi huu” au “kwa mtungi ule”. Katika kisa ambacho kifo kinategemea ni mtungi upi, hilo si jambo dogo! Gurmukhi hairuhusu kunyamaza. Lazima uchague ਇਸ au ਉਸ, na anayechagua ni aliyesoma sentensi za kabla yake. (Waandishi wengine wa Shahmukhi huandika ایس na اوس, wakatuondolea taabu.) Hata jina Sohni lina mtego: “n” yake hutamkwa kwa ulimi uliokunjwa nyuma, na Gurmukhi ina herufi yake, ਣ, lakini Shahmukhi ya kawaida huandika nuni ileile ya siku zote.

Ukirudi upande wa pili, tatizo hugeuka. Gurmukhi ina “s” moja, ਸ. Shahmukhi ina tatu, kwa kuwa maneno ya Kiarabu hubaki na tahajia yao ya asili. Neno ਸਬਰ, ndugu wa “subira” yetu, ukilihamisha herufi kwa herufi litatoka سبر kwa sini. Msomaji wa Lahore atalitamka sawasawa, lakini jicho lake litagoma, kwa sababu amezoea صبر kwa swadi. Hapa kanuni ya sauti haitoshi, inabidi kuwe na orodha ya maneno kama hayo.

Msamiati wenyewe hausumbui sana kwenye kisa hiki. Maji, mto, mtungi na wifi ni maneno ya nyumbani pande zote mbili. Jaribu kuhamisha insha ya siasa, ambamo India huazima Kisanskriti na Pakistan huazima Kiajemi, na herufi zitakuwa sahihi huku msomaji akiuliza maana.