Nyama ya kusaga haina nje: kwa nini steki huliwa nyekundu ndani lakini baga haifai

Kwanza tuelewane kwenye neno. Kwenye bucha za Dar es Salaam ukisema "nipime steki kilo moja" utapewa nyama isiyo na mfupa, iwe ya mchuzi au ya mishkaki. Steki ninayoizungumzia hapa ni pande moja zima la nyama ya ng'ombe, nene kama vidole viwili, linalotupwa kwenye kikaango chenye moto mkali likababuka juu na chini, kisha likaepuliwa katikati bado ni jekundu. Ulaya na Marekani watu wengi hulipenda hivyo, na hata hoteli za kitalii kwetu mteja akiliagiza hivyo hupewa. Mteja huyo huyo akitaka na baga yake iwe nyekundu ndani, mpishi anayeijua kazi yake atasita. Nyama ni ya ng'ombe, moto ni ule ule, na huenda hata paja lilikuwa moja. Kilichobadilika ni kwamba moja imepita kwenye mashine ya kusagia.

Msuli wa ng'ombe mwenye afya, kule ndani kabisa, karibu hauna bakteria. Wanaokuja kutuumiza wanatoka kwenye ngozi na kwenye utumbo. Mnyama akishachinjwa, ngozi inachunwa na tumbo linapasuliwa, na hapo ndipo mavi kidogo, hata yasiyoonekana kwa macho, hugusa nyama kupitia kisu, mkono au ngozi yenyewe inapojikunja. Bakteria anayeogopwa zaidi kwenye nyama ya ng'ombe anaitwa E. coli O157:H7. Anaishi kwenye utumbo wa ng'ombe bila kumdhuru, kwa hiyo huwezi kumtambua kwa kumwangalia ng'ombe wala kwa kuinusa nyama. Kwa binadamu analeta tumbo la kukata na kuhara damu, na kwa baadhi ya wagonjwa, hasa watoto wadogo, sumu yake huharibu chembe nyekundu za damu na kuzifanya figo zishindwe kazi. Tena hahitaji kuwa wengi. Chini ya mia moja wanatosha kumlaza mtu.

Sasa tazama steki. Bakteria wako juu ya nyama, kwa sababu huko ndiko walikoshikia. Kikaango kikiwa cha moto kweli, ule uso wa nyama unaogusa chuma unakauka na kupanda kupita nyuzi joto 100 kwa muda mfupi. Hakuna E. coli anayestahimili hapo. Mpishi akigeuza upande wa pili, kisha akalisimamisha pande hilo kwa koleo ili kingo nazo ziguse chuma, amekwisha kupita kila mahali palipokuwa na hatari. Katikati kumebaki nyuzi 50 hivi, joto lisiloua bakteria wa aina hii ndani ya dakika chache za upishi, ila katikati hapakuwa na wa kuuliwa. Kubabua uso kunatosha kwa sababu uso ndio uliochafuka.

Mashine ya kusagia inaufuta mpaka huo. Chukua bonge la nyama la kilo moja hivi, tuseme limekatwa mraba kila upande sentimita 10. Lina nyuso sita, jumla sentimita za mraba 600. Ukilisaga hadi vipande vya milimita 3, nyuso za vipande vyote ukizijumlisha zinakaribia sentimita za mraba 20,000, yaani zaidi ya mara thelathini ya zile za mwanzo. Hiyo ni hesabu ya darasani tu, maana nyama haitoki kwenye mashine ikiwa na pembe zilizonyooka, lakini inaonyesha kilichotokea: kile kilichokuwa juu kimekatwakatwa, kimezungushwa na kukandamizwa ndani. Kisha mpishi anatia chumvi, anakanda na kuviringisha. Ile alama ya mavi iliyokuwa kwenye kona moja ya bonge sasa imegawanywa kwenye kila duara la baga, na mgao mwingine umetua katikati kabisa, mahali ambapo moto hufika mwisho.

Ndiyo maana husema nyama ya kusaga haina nje wala ndani. Yote ni nje.

Kuna jambo la pili ambalo watu husahau. Steki imetoka kwa ng'ombe mmoja. Nyama ya kusaga ya kiwandani hutengenezwa kwa vipande vilivyobaki kwenye ukataji, vya ng'ombe wengi, vikichanganywa kwenye pipa moja. Ng'ombe mmoja aliyechafuka anatosha kuliharibu pipa zima.

Moto wenyewe nao hauna haraka. Nyama imejaa maji na husafirisha joto polepole, kwa hiyo upande unaogusa kikaango unaweza kuwa umeanza kuungua huku katikati pakiwa vuguvugu. Nimewahi kupima nyumbani kwa baga nene ya sentimita 2 na nusu, imeshapata rangi nzuri ya kahawia pande zote, mafuta yanachuruzika, jirani anasema imeiva. Kipimajoto katikati kikasoma nyuzi 54. Kwa steki ningeepua hapo hapo na kufurahi. Ile baga niliirudisha, nikapunguza moto na kufunika.

Jambo hili liliingia kwenye sheria kwa gharama ya watoto. Mwaka 1982 huko Marekani, kwenye majimbo ya Oregon na Michigan, watu walianza kuhara damu baada ya kula baga, na ndipo O157:H7 akajulikana kuwa chanzo cha ugonjwa. Miaka kumi baadaye balaa likawa kubwa. Januari 1993 madaktari wa Seattle, jimbo la Washington, waliona watoto wengi kwa mpigo wakiharisha damu na wengine figo zikifa. Wengi walikuwa wamekula baga za mtandao wa migahawa wa Jack in the Box. Waliougua kwenye majimbo manne walizidi 700, na watoto wanne walifariki. Nyama ilikuwa imefika mgahawani ikiwa tayari na bakteria. Lakini ilipikwaje? Mwongozo wa serikali kuu wakati ule ulitaka katikati pafike nyuzi 60. Jimbo la Washington lilikuwa limeshapandisha kiwango chake hadi nyuzi 68, na migahawa ile haikuwa ikikifuata. Kati ya 60 na 68 utaona ni nyuzi nane tu. Kwa bakteria hawa ni tofauti ya dakika nyingi na sekunde chache.

Mwaka 1994 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikatangaza kwamba nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye O157:H7 ni chakula kilichoharibika na hairuhusiwi kuuzwa. Wafanyabiashara walikwenda mahakamani wakisema upishi ungetosha kumaliza tatizo, wakashindwa, kwa sababu mahakama iliona Wamarekani wengi huihesabu baga kuwa imeiva hata ikiwa nyekundu ndani. Ninachokipenda katika uamuzi wa wizara ni mahali ilipochora mstari. Pande zima la nyama litakaloliwa likiwa zima halikuingizwa kwenye katazo hilo. Sheria nayo iliona kwamba la muhimu ni kujua bakteria amekaa wapi.

Kwa mpishi wa nyumbani kiwango ambacho wizara hiyo inakitoa sasa ni rahisi kukumbuka: baga ifike nyuzi 71 katikati, joto ambalo linaua papo hapo. Nyuzi 68 nazo zinatosha zikishikiliwa sekunde 17, na huko migahawani ndicho kipimo chao. Kwa steki nzima wizara hiyo hiyo inashauri nyuzi 63 na kuipumzisha dakika tatu. Anayeila ikiwa chini ya hapo anabeba hatari ndogo kwa hiari yake, na kwa mjamzito, mtoto mdogo au mzee mimi nisingempa.

Rangi isikudanganye. Wizara hiyo inaeleza kwamba baga moja kati ya nne hugeuka kahawia ndani kabla haijafika joto salama. Unyekundu wa nyama unatokana na chembe ya protini inayobadilika rangi kulingana na umri wa nyama, hewa iliyopata na jinsi ilivyogandishwa, siyo joto peke yake. Nyama iliyokaa siku mbili kwenye friji na kuanza kufifia itaonekana imeiva mapema. Maji yanayotoka meupe nayo si ushahidi. Kipimajoto chembamba ndicho kinachosema kweli, na kiingizwe kutoka ubavuni mwa baga hadi katikati. Ukikichoma kutoka juu ni rahisi kupitiliza ukawa unapima joto la kikaango.

Wapo wanaouliza, je, nikinunua bonge zuri nikalisaga mwenyewe nyumbani? Umeondoa tatizo la ng'ombe wengi, na umepunguza muda wa bakteria kuzaliana. Uso wa bonge bado umeingia ndani. Ukitaka kwa dhati baga nyekundu, njia inayoendana na mantiki hii ni kulibabua bonge zima kwanza pande zote, kulikata lile ganda lililoiva na kulitupa kando kwa kisu safi, kisha kusaga kilichobaki kwa mashine iliyooshwa na kukipika mara moja. Migahawa kadhaa ya Uingereza hufanya hivyo. Ni kazi, na nyama nyingi inakwenda na lile ganda.

Kwa jikoni zetu shida hii hujificha. Kima cha sambusa hakina tatizo, kinakaangwa kikiwa kimetawanyika hadi maji yakauke, kila chembe inaguswa na moto. Kababu ndiyo ya kuangalia. Ikiwa nene na mafuta ni ya moto sana, inapata rangi ya kupendeza kwa dakika mbili na moyo wake bado ni mbichi. Bora uviringishe nyembamba, na mafuta yawe ya moto wa wastani.

Na hata pande zima linaweza kupoteza uzima wake. Nyama iliyolainishwa kwa mashine ya sindano, au iliyotobolewa kwa uma ili viungo viingie, imeshasukumiwa uso wake ndani. Mishkaki pia. Vipande ni vizima, ndiyo, lakini kijiti kimepita katikati ya kila kimoja, na kilipopita kimebeba kilichokuwa juu. Ukichomoa kipande kwenye kijiti na kukipasua, angalia pale kwenye tundu: ndipo mahali pa mwisho kuiva, na ndipo panapotakiwa kuwa pameiva.