CGNAT: kwa nini poti uliyofungua kwenye ruta bado imefungwa

Mwenye duka moja la vipuri vya pikipiki Morogoro alinipigia simu akiwa Dodoma. Kamera nne za dukani zinarekodi vizuri kwenye DVR, na akiwa palepale dukani anaziona kwenye simu yake. Akitoka nje ya mji, haoni kitu. Fundi aliyemfungia alikuwa ameshaingia kwenye ruta, ukurasa wa `Port Forwarding`, akaandika kwamba poti 8000 ielekezwe kwenye DVR. Alikuwa ameandika sawasawa kabisa. Ubaya ni kwamba ruta aliyoiandikia haikuwa ruta ya mwisho kabla ya kufika intaneti.

Fikiria sanduku la posta la shule ya bweni. Wanafunzi mia tano wanatumia S.L.P. moja. Barua ikifika, karani wa shule anaangalia jina kisha anampa mwenyewe. Ruta ya nyumbani ndiyo huyo karani: simu, kompyuta na kamera zote zinatoka nje kwa anwani moja, na ruta inaandika kwenye daftari lake nani katuma nini, ili jibu likirudi ijue pa kulipeleka. Kazi hiyo inaitwa NAT. Pakiti inayokuja yenyewe kutoka nje, bila mtu wa ndani kuanza mazungumzo, haimo kwenye daftari, kwa hiyo inatupwa. Unapofungua poti, unaandika mstari wa kudumu kwenye daftari hilo: chochote kinachokuja kwa poti 8000, mpe DVR.

Sasa chukulia shule yenyewe haina sanduku lake. Shule nyingi za wilaya zinatumia sanduku moja mjini, na huko kuna karani mwingine mwenye daftari lake. Ulimwelekeza karani wa shuleni kwako, lakini barua inakwamia kwa yule wa mjini, ambaye hujawahi kumpa maelekezo yoyote. Huyo wa mjini ndiye CGNAT, NAT inayoendeshwa na kampuni ya intaneti kwa wateja wake wengi kwa pamoja. Hata ungemfikia, poti 8000 ya anwani ile inaweza kuwa inatumiwa na jirani yako muda huo huo.

Kampuni hazifanyi hivi kwa ukorofi. Anwani za IPv4 ni takriban bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na akiba ya kimataifa ya kugawia kanda iliisha Februari 2011. Mwaka 2012 likatengwa fungu maalumu kwa ajili ya mitandao ya namna hii, kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255. Kulijua fungu hilo kunakuokolea siku nzima ya kuhangaika.

Kutambua ni kazi ya dakika mbili. Ingia kwenye ruta, fungua ukurasa wa `Status`, soma namba iliyo kwenye `WAN IP`. Kisha, ukiwa kwenye mtandao huohuo na VPN ikiwa imezimwa, fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo nje. Zikilingana, una anwani yako ya umma, na tatizo litafute kwingine. Pale dukani ruta ilisema 100.72.18.5, na tovuti ikaonyesha namba tofauti kabisa. Hapo hakuna ubishi. Ukikuta inaanza na 192.168 au 10, usikimbilie kulaumu kampuni: huenda kuna modemu yako mwenyewe mbele ya ruta inayofanya NAT ya kwanza. Iweke modemu hiyo kwenye `Bridge`, kisha upime upya.

Wengi wakifika hapa wanahamia DDNS. Haisaidii. DDNS inaipa anwani ya nje jina, nayo anwani ya nje ni ya karani wa mjini. UPnP, inayokifanya kifaa kiombe chenyewe poti ifunguliwe, nayo inazungumza na ruta yako tu.

Dawa ya moja kwa moja ni kuiomba kampuni anwani ya umma. Baadhi hutoa kwa ada ya mwezi, nyingine kwa wateja wa biashara pekee, na kwenye laini za simu mara nyingi haipatikani. IPv6, mfumo wa anwani uliokuja baada ya IPv4, ni njia nyingine nzuri, kwa sababu kila kifaa kinapata anwani yake na NAT haihitajiki. Ila utairuhusu poti kwenye ulinzi wa ruta, kampuni isiwe inazuia yanayoingia, na hata simu unayotazamia iwe na IPv6 huko iliko.

Mwenye duka hakupata hata moja kati ya hizo, kwa hiyo tukageuza mwelekeo. CGNAT inazuia kinachoingia, haizuii kinachotoka. Kifaa cha ndani kikianza chenyewe kuongea na seva yenye anwani ya umma, mstari unaandikwa kwenye madaftari yote mawili, na majibu yanapita. Huduma ya P2P iliyomo ndani ya DVR nyingi inatumia ujanja huohuo, na kama unaiamini kampuni iliyotengeneza DVR, inatosha. Tailscale nayo inafuata wazo hilo bila wewe kukodi seva. Sisi tulikodi VPS ndogo, yaani seva ya mtandaoni yenye anwani ya umma, tukaweka programu ya VPN ya WireGuard, na dukani tukaacha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyochomekwa kwenye ruta kwa waya. Upande wa duka ulikuwa hivi:

```
[Interface]
PrivateKey = (ufunguo wa Pi)
Address = 10.9.0.2/24

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa VPS)
Endpoint = 203.0.113.40:51820
AllowedIPs = 10.9.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa mwisho ndio roho ya kazi. Karani wa mjini hufuta mistari iliyokaa kimya, na kwa UDP inaweza kufutika ndani ya nusu dakika. Kila sekunde 25 Pi inatuma pakiti tupu ili mstari usifutwe. Ukiusahau, VPS haitaifikia Pi mpaka Pi yenyewe ianze kuongea, na hata ikianza, njia itakata ukiacha kutazama.

Kabla ya hapo tulibadilisha namba za mtandao wa duka kutoka 192.168.1.0/24 kuwa 192.168.47.0/24. Ruta nyingi zinakuja na ile ya kwanza, na ukiwa nyumba ya wageni yenye namba hizohizo, simu itaitafuta DVR kwenye Wi-Fi ya pale. Kwenye VPS, `AllowedIPs` ya Pi ikawa `10.9.0.2/32, 192.168.47.0/24`, na kwenye simu `10.9.0.0/24, 192.168.47.0/24`. VPS nayo iliruhusiwa kupitisha pakiti kati ya simu na Pi.

Kisha tukafuta ile poti 8000, maana haikuwa na kazi tena.

Jambo la kukubali ni kwamba video yote sasa inapita kwenye VPS. Kamera moja ya megabiti 2 kwa sekunde inakula kama MB 900 kwa saa, na duka linalotumia bando litaliona hilo mapema. Tukachagua picha ndogo, ile inayoandikwa `Sub Stream`, kwa kutazamia mbali.

Jaribio la kwanza halikutoa picha. `wg show` kwenye Pi ilionyesha `latest handshake` ya sekunde chache zilizopita, maana yake CGNAT ilikuwa imeshavukwa. Kosa tulilikuta ndani ya duka. Pi ilikuwa haijaruhusiwa kupitisha ombi la simu kwenda kwa DVR, na hata lingefika, DVR ingeona limetoka 10.9.0.3, anwani ya simu isiyoijua, ingepeleka jibu kwa ruta, na jibu lingepotea. Amri mbili kwenye Pi zilimaliza:

```
sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
iptables -t nat -A POSTROUTING -s 10.9.0.0/24 -o eth0 -j MASQUERADE
```

Tangu hapo DVR inaona ombi limetoka kwa Pi, jirani yake wa mtandao mmoja, na inamjibu yeye. Amri hizo hupotea Pi ikizimwa, kwa hiyo tuliziweka chini ya `PostUp` kwenye faili la WireGuard. Jioni umeme ulikatika Morogoro, ukarudi, na kamera zikaonekana Dodoma bila mtu kugusa kitu.