Mkopo wa apu, mkeka na deni: dhana potofu na ukweli wake

Ijumaa jioni kwenye steji ya bodaboda hapa Nairobi, utamsikia mtu akisema, "Nimekopa tu tatu, kesho mkeka ukikubali narudisha." Tatu ni shilingi elfu tatu, na mkeka ni tiketi ya kubeti iliyounganisha mechi kadhaa. Hiyo sentensi moja imebeba dhana kadhaa, na zote zina gharama. Nitazichukua moja moja nikitumia mfano mmoja wa dereva wa boda. Ni mfano wa kutunga, lakini hesabu zake hazijapambwa.

Dhana: "Mkeka mmoja ukikubali, mkopo unajilipa."

Mkopo wa mfano wetu ni huu: shilingi 3,000 kwa siku 14, na unarudisha 3,600. Ada ya 600 inaonekana ndogo, bei ya chakula cha siku mbili nyumbani. Lakini kwa mtu anayebeti, hiyo 600 ina maana kwamba pesa yake lazima izae asilimia 20 ndani ya wiki mbili ndipo atoke sifuri. Si faida, ni sifuri.

Sasa tazama upande wa pili. Chukua mchezo ambao kweli ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Odi ni namba inayozidisha pesa uliyoweka ukishinda, na za haki zingekuwa 2.00 kila upande. Kampuni ya kubeti haikupi 2.00, inakupa 1.85 hivi, na ile tofauti ndiyo mshahara wake. Ukibeti hivyo mara nyingi, kila shilingi 100 unayoweka inakurudishia wastani wa shilingi 92 na senti 50. Kwa hiyo ile 3,000, ukiiweka kwenye mechi moja moja, inatarajiwa kurudi kama 2,775. Unadaiwa 3,600. Pengo ni 825 hata kama bahati yako ni ya kawaida kabisa.

Lakini nani anabeti mechi moja moja? Watu hufunga mkeka wa timu tano, kwa sababu odi zinapanda hadi karibu 21.7 na hapo ndipo ndoto ilipo. Kumbuka kwamba mkato wa kampuni nao unazidishwa mara tano pamoja na odi. Mkeka wa timu tano wa nusu kwa nusu unakubali mara moja kati ya mara 32, ila unalipwa kama mara moja kati ya 21.7. Katika kila shilingi 100, wastani unaorudi ni kama 68. Theluthi nzima imekwenda kabla hujahesabu ada ya mkopo wala kodi ya serikali. Ndiyo maana mkeka huchanika na timu moja tu, halafu mtu anasema "nilikuwa karibu sana." Hakuwa karibu. Kukosa kwa timu moja ni matokeo ya kawaida kabisa ya mkeka wa aina hiyo.

Dhana: "Nikikopa apu ya pili kulipa ya kwanza, nimelipa. Tena wameniongezea kiwango, maana yake wananiamini."

Hapa ndipo deni linapojizaa, kwa hiyo twende polepole na dereva wetu.

Amekopa 3,000 apu ya kwanza, amebeti yote, imekwenda. Siku ya 14 anakopa 4,000 apu ya pili. Analipa 3,600, anabaki na 400, anaifungia mkeka. Wiki mbili baadaye anadaiwa 4,800. Kwa vile alilipa kwa wakati, apu ya tatu inamfungulia 5,500. Analipa 4,800, inabaki 700, nayo inaenda kwenye mkeka. Baada ya wiki sita kwa jumla anadaiwa 6,600.

Pesa aliyoishika mkononi na kubeti ni 3,000, 400 na 700, yaani 4,100. Ile 2,500 nyingine ni ada tupu: 600, 800 na 1,100. Na kila mara mfumo ulimsoma kama mteja bora, kwa sababu mashine inaona tarehe ya malipo, haioni pesa ya malipo ilitoka wapi. Kiwango kilichoongezwa kinapima ulivyolipa jana. Mapato yako ya kesho hakiyajui.

Hata mtu akiacha kubeti leo lakini aendelee kuzungusha, kwa ada ya asilimia 20 kila siku 14 deni linapita mara mbili katika wiki nane. Elfu tatu inakuwa 6,221, bila mkeka hata mmoja.

Dereva wetu hakuacha. Apu ya nne ilimpa 2,000 tu, haikutosha kulipa 6,600, kwa hiyo akaiweka yote kwenye mkeka mmoja ili "irudishe zote." Haikurudi. Sasa ana wadai wawili: 6,600 na 2,400. Jumla 9,000. Mtu akifika hapa mara nyingi mkewe hajui, wala kaka yake, na siri hiyo inamfanya akope tena haraka kuliko njaa.

Dhana: "Nisipolipa, polisi watanikamata, na watu wote kwenye simu yangu watapigiwa."

Deni la apu ni madai ya kawaida, si kosa la jinai. Polisi hawakamati mtu kwa kuchelewa kulipa mkopo, na meseji inayosema "maafisa wako njiani" ni vitisho tu. Anayekudai anaweza kwenda mahakamani, na kwa pesa ndogo hivi ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Sheria ya Kenya inacho kifungo cha madai, lakini huja baada ya hukumu na baada ya kupewa nafasi ya kujieleza mbele ya hakimu, na kimekusudiwa anayeweza kulipa akakataa.

Kuhusu kupigia watu: kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza vitisho, matusi, kumwaibisha mteja hadharani, na kuwapigia watu walio kwenye simu yake bila idhini. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu vibaya. Mjomba wako akipigiwa, hadaiwi chochote kama hakukubali kuwa mdhamini. Mwambie aandike tarehe, saa na nambari iliyopiga, na wewe piga picha ya skrini. Huo ndio ushahidi wa malalamiko.

Dhana: "Nitabadilisha laini, watachoka."

Deni limeandikwa kwenye kitambulisho, si kwenye laini. Ukiripotiwa CRB, yaani ofisi inayotunza rekodi za wakopaji, taarifa mbaya inaweza kukaa miaka mitano hata baada ya kumaliza kulipa. Kukimbia pia kunakunyima jambo moja muhimu: kanuni hizo za 2022 zina kikomo. Mkopo ukishahesabiwa kuwa mbovu, riba inayoweza kudaiwa haipaswi kuzidi pesa ya msingi iliyobaki siku hiyo. Asiyeongea na mdai wake hawezi kumkumbusha hilo.

Dhana: "Kujadiliana ni kuomba huruma, na anayepiga kelele zaidi ndiye wa kulipwa kwanza."

Kujadiliana ni kupeleka hesabu. Mkopeshaji anajua kwamba deni lililokaa hushuka thamani. Mwishoni mwa 2022 mabenki, chini ya mpango wa Benki Kuu, yalipunguza angalau nusu ya mikopo mibovu ya simu kwa waliokubali kulipa. Mpango ule ulikwisha 2023, ila unaonyesha kwamba namba iliyo kwenye skrini si Msahafu.

Kabla ya kupiga simu, dereva wetu anafanya mambo matatu nyumbani. Kwanza anafunga akaunti ya kubeti kwa kuomba kampuni imzuie, na mauzo ya jioni anamkabidhi mkewe, kwa sababu makubaliano yoyote yatakufa Jumamosi kama pesa ya kulipa iko kwenye simu ileile. Pili anaandika kila deni kwa safu mbili: pesa ya msingi na ada. Anapata msingi 7,500, ada 1,500. Tatu anatafuta anachoweza kweli. Siku ya kawaida anaingiza 1,500, petroli 400, mwenye pikipiki 300, nyumbani 550. Inabaki 250. Anatenga 100 ya pancha na siku za mvua, na 150 ndiyo ya deni. Siku sita kwa wiki ni 900.

Anaigawa kwa ukubwa wa deni, si kwa ukali wa sauti: 660 kwa yule wa 6,600 na 240 kwa yule wa 2,400. Wote wawili wanakwisha wiki ya kumi. Kisha anaandika, kwa sababu simu husahaulika:

"Nina mkopo wa msingi wa shilingi 5,500, na salio ni 6,600. Siwezi kulipa kwa mkupuo. Naweza kulipa 660 kila Jumatatu kwa wiki kumi. Naomba faini zisimamishwe kwa muda huo, na mnithibitishie kwa maandishi kabla ya malipo ya kwanza."

Simu itakuja tu, na sauti itakuwa kali: "Lipa nusu leo saa sita, la sivyo…" Jibu linatosha kuwa fupi na la upole. "Dada, deni nalikubali. Ofa yangu iko kwenye meseji. Naomba jina lako na salio kwa maandishi." Akirudia, rudia. Usiahidi 3,000 ili simu ikatike, kwa sababu ahadi iliyovunjwa siku ya pili ndiyo inayowapa sababu ya kukataa ya kweli. Wakikataa wiki kumi, uliza wao wanapendekeza nini, na uwe unajua kikomo chako ni 900 kwa wiki kwa wote. Wakisema ukilipa kwa mkupuo wanapunguza, usikimbilie apu ya tano kuutafuta huo mkupuo. Hapo umerudi steji.

Angalia pia kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya waliopewa leseni ambayo Benki Kuu huchapisha. Na lipa kwa nambari ya malipo ya kampuni pekee. Mtu wa kukusanya madeni akikupa nambari yake binafsi "nikuingizie mwenyewe," kataa, maana pesa hiyo haitaonekana kwenye salio lako. Wiki ya kumi ikiisha, omba barua ya kuthibitisha deni limekwisha, halafu baada ya mwezi mmoja angalia taarifa yako ya CRB kama imesahihishwa. Kama bado, barua hiyo ndiyo unayoipeleka.