Mrabaha Unaolipwa Baada ya Robo Mwaka: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mrabaha huwa mapato siku fedha zinapoingia benki.

Pale mrabaha unapokokotolewa kwa asilimia ya mauzo, mapato ya mtoa leseni hupatikana kadiri mwenye leseni anavyouza, mradi mtoa leseni amekwisha kutimiza wajibu wake wa kumpa haki husika. Ndivyo inavyoelekeza IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mapato kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kuhusu leseni za haki miliki. Fedha zinazolipwa baada ya robo kwisha ni ukusanyaji wa deni lililokwisha kuwepo.

Wapo wanaoandika mrabaha siku ya malipo na kujitetea kwamba mrabaha wa robo nne huingia vitabuni kila mwaka kwa vyovyote vile. Ni kweli, lakini si robo nne za mwaka huo: ni ya mwisho ya mwaka uliotangulia na tatu za mwanzo za mwaka wenyewe. Mwaka wa kwanza wa leseni iliyoanza Januari utaonyesha robo tatu tu, na mauzo yakiwa yanapanda, kila mwaka utaonekana mdogo kuliko ulivyokuwa.

Dhana: Kabla taarifa ya mauzo haijafika, hakuna cha kuandika.

Hapa ndipo wengi hukwama, tena kwa sababu inayoeleweka: wamesikia kwamba IFRS 15 hairuhusu kukisia mrabaha. Kinachokatazwa ni kutambua mapema mrabaha wa mauzo ambayo hayajafanyika, ilhali mauzo yaliyokwisha kufanyika lazima yakisiwe hata kama taarifa yake bado iko njiani.

Tuchukue leseni yenye mrabaha wa asilimia 5 ya mauzo baada ya kuondoa bidhaa zilizorejeshwa, ambapo taarifa na malipo hufika siku 45 baada ya robo kwisha. Tarehe 31 Desemba mtoa leseni anatazama taarifa za robo zilizopita, mwenendo wa msimu kama huo mwaka uliotangulia na dokezo lolote kutoka kwa mwenye leseni, kisha anakisia mauzo ya 600,000. Anadebiti mrabaha unaodaiwa 30,000 na kukrediti mapato ya mrabaha kiasi hicho hicho. Katikati ya Februari taarifa inaonyesha mauzo ya 640,000, yaani mrabaha wa 32,000. Ikiwa hesabu za mwaka bado hazijaidhinishwa kutolewa, takwimu ya Desemba hurekebishwa. Zikiwa zimekwisha kutolewa, na makisio yalifanywa kwa uangalifu, ile 2,000 huingia katika kipindi kipya kama badiliko la makisio. Tofauti zikielemea upande uleule robo baada ya robo, mbinu ya kukisia ndiyo yenye kasoro.

Dhana: Kiasi kilichopokelewa ndicho mapato.

Mwenye leseni akikata kodi ya zuio ya asilimia 10, benki itapokea 28,800, lakini mapato hubaki 32,000. Ile 3,200 ni kodi iliyolipwa kwa niaba ya mtoa leseni, naye anahitaji cheti chake ili aweze kuidai pale sheria inapomruhusu.