Rangi ya Gram: sekunde chache za spiriti zinazoharibu slaidi

Slaidi nyingi ninazozikagua kwenye mtihani wa vitendo huharibikia mahali pamoja, kwenye spiriti. Nimekusanya maswali ninayoulizwa zaidi, na moja nimelijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloleta madhara.

Kupaka rangi ya Gram ni nini hasa?

Ni njia ya kuwagawa bakteria katika makundi mawili kwa rangi wanayobaki nayo. Daktari wa Kidenmaki, Hans Christian Gram, aliitangaza mwaka 1884. Unaweka kristali vayoleti, rangi ya zambarau, dakika moja, ayodini dakika moja, spiriti kwa sekunde chache, kisha safranini, rangi ya waridi, nusu dakika hadi dakika moja, na unaosha kwa maji baada ya kila hatua. Gram chanya huwa zambarau, Gram hasi huwa waridi.

Mbona mmoja anashika rangi na mwingine anaiachia, na wote wamepakwa dawa ileile?

Kabla ya spiriti wote ni zambarau. Ayodini imeshaungana na kristali vayoleti ndani ya seli, na muungano huo ni mkubwa, hautoki kirahisi. Spiriti ndiyo inayoupima ukuta.

Gram chanya ana ukuta mnene wa peptidoglikani, nanomita 20 hadi 80, tabaka juu ya tabaka. Spiriti huunyonya maji, ukajikaza, vitundu vyake vikabana na rangi ikanaswa ndani. Peptidoglikani ya Gram hasi ni nyembamba, nanomita chache tu, na juu yake kuna utando wa nje wenye mafuta. Spiriti huyeyusha mafuta hayo, utando ukatoboka, na safu nyembamba iliyo chini yake haiwezi kuizuia rangi. Bakteria anabaki mtupu, ndipo safranini inapompa uwaridi.

Nikiiacha spiriti muda mrefu kidogo, si slaidi inakuwa safi zaidi?

Hapana. Tena hapana. Ukuta mnene huchelewesha rangi kutoka, hauizuii milele. Ukizidisha spiriti, hata Gram chanya atapoteza zambarau yake, atapokea safranini, na wewe utaandika kwa kujiamini kabisa kwamba ni Gram hasi. Slaidi itapendeza macho, na jibu litakuwa la uongo.

Chukua maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Kwenye lenzi ya 100 yenye mafuta unaona kokasi, yaani bakteria wa duara, wawiliwawili. Wakiwa zambarau, wamechongoka kidogo kama ncha ya mkuki, fikiria nimokokasi. Wakiwa waridi, wametazamana kama maharage mawili, fikiria meninjokokasi. Sasa aliyepaka amezidisha spiriti: nimokokasi amegeuka waridi na ripoti imesema meninjokokasi. Waliokaa karibu na mgonjwa wataanzishiwa dawa za kinga wasizozihitaji, na daktari atafikiria matibabu kwa kumlenga bakteria asiyekuwepo. Ndiyo maana nasisitiza: umbo likikataa kukubaliana na rangi, usiamini rangi. Rudia slaidi.

Basi nisimamie wapi?

Usihesabu sekunde bila kutazama. Inamisha slaidi, dondosha spiriti tone kwa tone, ukikazia macho maji yanayotiririka. Yakiacha tu kuwa na zambarau, osha kwa maji papo hapo. Kwa spiriti mara nyingi ni sekunde 5 hadi 15. Kwa asetoni ni 2 au 3 tu, kwa hiyo uliza kwanza chupa ina nini. Na usipake sampuli nene. Sehemu nene huhitaji spiriti zaidi, na ukiisubiri hiyo, sehemu nyembamba zimeshaharibika.

Kila mara paka pia slaidi ya kulinganishia yenye stafilokokasi, ambaye ni Gram chanya, na E. koli, ambaye ni Gram hasi. Stafilokokasi akitoka waridi, umezidisha. E. koli akibaki zambarau, umepunguza. Kwenye sampuli ya mgonjwa, tazama pia viini vya seli nyeupe za damu: vinatakiwa kuwa waridi. Vikiwa zambarau, spiriti haikutosha.

Nimefuata yote hayo, na bado stafilokokasi wangu ni mchanganyiko, wengine zambarau wengine waridi?

Uliza wana umri gani. Bakteria waliooteshwa zaidi ya saa 24 huanza kufa na kuta zao huchakaa, hivyo rangi huvuja hata kama mkono wako haukukosea. Dawa zinazoshambulia ukuta, kama penisilini, hufanya hivyohivyo kwenye sampuli ya mgonjwa aliyekwisha kuanza kuzimeza. Kwenye mtihani, otesha upya jioni, upake asubuhi. Kwa mgonjwa, andika kwenye fomu kwamba alikuwa tayari kwenye dawa. Usiache atakayesoma matokeo akisie.