Kofakta si kutoa herufi nje ya mabano

Hii ni mara ya nne. Kijana aliyekuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo ameniletea bodi ya pampu ya mtambo wa barafu, hapa jirani na mwalo wa Kirumba, na kosa lake ni lile lile la wenzake watatu waliomtangulia. Basi niliandike, yaishe.

Pampu inavuta maji ziwani. Swichi a ikiwa 1, inaendeshwa kwa mkono na inatii kitufe b. Ikiwa 0, inajiendesha: inawaka boya la tangi, c, likionyesha maji yamepungua. Zaidi ya hapo, mtambo wa barafu ukidai maji (d) wakati tangi limepungua, pampu iwake, swichi iwe upande wowote. Kwenye fomula, nukta ni "na", + ni "au", na a' ni a iliyogeuzwa.

```
f = a·b + a'·c + c·d
```

Alitaka kuigawa pande mbili, a ikiwa 1 na a ikiwa 0, kila upande ukiitwa kofakta, ili aingize multipleksa, yaani kifaa kinachochagua ingizo moja kati ya kadhaa na kulipitisha. Akaandika b upande wa 1 na c upande wa 0. Nikamuuliza, c·d imekwenda wapi?

"Fundi, ile haina a, kwa hiyo haihusiki."

Inahusika pande zote mbili! Jina "kofakta" linawapeleka watu kwenye aljebra ya sekondari, ambako unatafuta herufi, unaitoa nje ya mabano, na kisichokuwa nayo unakiacha. Hapa hutoi kitu. Unachukua fomula nzima, kila palipo na a unaweka 1, unaangalia kilichobaki; kisha unarudi mwanzo na kuweka 0. Ukiweka 1, a·b inakuwa b, a'·c inakufa, na c·d haiguswi, basi inabaki. Ukiweka 0, a·b inakufa, a'·c inakuwa c, c·d inabaki vile vile, na c inaimeza.

```
f(a=1) = b + c·d
f(a=0) = c
f = a·f(a=1) + a'·f(a=0)
```

Angalia upande wa 0: hata kwa njia yake mbovu alipata jibu sahihi, kwa sababu tu c imeimeza c·d. Hapo ndipo kosa linapojificha. Unajaribu bodi ikijiendesha, kila kitu sawa, unaifunga na kuondoka. Siku swichi iko kwenye mkono, hakuna aliyebonyeza kitufe, tangi limepungua na mtambo unadai maji, pampu iko kimya.

Kwenye bodi linaonekana kwa macho. Alitumia 74HC151, multipleksa ya ingizo nane, na a, b, c kwenye pini za kuchagua, a ikiwa biti ya juu. Hiyo ni kugawa mara tatu kwa mpigo; kila ingizo ni kofakta iliyobakiwa na d peke yake. D1, D3, D6 na D7 zinakwenda kwenye 1; D0, D2 na D4 kwenye 0; na D5, yaani a=1, b=0, c=1, inapokea d. Yeye D5 aliiunga na graundi. Waya mmoja tu.

Fomula ikiwa kubwa, kanuni haibadiliki. Ya vigeu 7 haiingii kwenye LUT ya ingizo 6, yaani jedwali la majibu ndani ya chipu, lakini kofakta zake mbili zina vigeu 6 kila moja, hivyo LUT mbili na multipleksa moja zinatosha. Wazo hili, kwa njia, lilikuwa tayari kwa mwanahisabati Boole mwaka 1854. Mhandisi Shannon ndiye aliyelitia kwenye swichi.

Sasa swali ambalo mimi mwenyewe bado linanisumbua: uanze na kigeu kipi? Kwa miaka nimefundisha kuanza na kinachojitokeza sana, hasa kikiwepo kama kilivyo na pia kikiwa kimegeuzwa. Hapa ni a, na kwa multipleksa za ingizo mbili unapata tatu: a juu, kwenye tokeo, b chini yake, c chini zaidi. Anza na d, inayoonekana mara moja tu, na hesabu ya haraka inatoa nne.

Lakini itazame vizuri. Ite g = a·b + a'·c. Kofakta ya d=0 ni g, na ya d=1 ni g + c. Sehemu kubwa ni ile ile! Jenga g mara moja, itumie pande zote mbili, nazo zinakuwa tatu pia. Tena d inapita multipleksa moja badala ya tatu. Kwa pampu hilo halina maana, ila kwenye saketi ya MHz 100, ambako una ns 10 tu kwa kila pigo la saa, ishara inayochelewa kufika lazima ikae juu kabisa. Kwa hiyo kanuni yangu ilikuwa inaniletea mpangilio mbaya zaidi kwa d, na sijapata nyingine ya kuweka mahali pake: kutafuta mpangilio bora kwa fomula yoyote ni tatizo gumu hata kwa kompyuta. Siku hizi, kwa fomula ndogo, najaribu kila kigeu juu na kutafuta kofakta zinazofanana kabla ya kuhesabu.