Vizuizi viwili, kisima kimoja: kwa nini mkondo wa elektroni hupanda kilele kisha ukaanguka

Mwalimu mmoja wa fizikia kutoka Pemba ameniuliza swali ambalo naona ni bora nilijibu hadharani. Anasema hivi: ikiwa kizuizi kimoja kinapitisha elektroni nane tu katika kila elfu moja, basi ukiweka kizuizi cha pili nyuma yake, nane hao nao watachujwa, na kwa hesabu ya kawaida ya uwezekano watapita kama sitini na nne tu katika milioni. Iweje basi vitabu vidai kwamba ziko nishati ambazo elektroni hupita zote, kana kwamba vizuizi havipo?

Swali zuri, na tuanze na vipimo vyenyewe ili tusibishane hewani. Chukua fuwele ya galiamu asenaidi, GaAs, ambayo ndani yake elektroni hutembea kama kwamba uzito wake ni 0.067 tu ya uzito wa elektroni huru. Katikati ya fuwele hiyo panda tabaka mbili za GaAs iliyochanganywa na alumini, kila moja nanomita 5, na baina yao acha nafasi ya GaAs tupu ya nanomita 5. Zile tabaka za alumini ndizo vizuizi, na urefu wake kwa nishati tuuchukue elektronivolti 0.3. Nafasi iliyobaki katikati ndiyo kisima.

Lau kisima kingekuwa na kuta nene zisizopitika, elektroni iliyomo ingeruhusiwa nishati chache tu maalumu. Hesabu ya kisima hiki ni nyepesi, kikokotoo cha mwanafunzi kinatosha. Kwa ngazi ya chini kabisa unatafuta z, yaani nambari-wimbi ya elektroni kisimani mara nusu ya upana wa kisima, inayotimiza

cos z = z / 1.816

na jibu, kwa radiani, ni 0.9925, sawa na nishati ya elektronivolti 0.09 hivi juu ya sakafu ya kisima. Kwa nishati hiyo, kizuizi kimoja cha nanomita 5 kinapitisha takriban 0.0077, yaani ile nane katika elfu ya mwalimu wetu. (Nimechukulia kwamba uzito wa elektroni ni uleule ndani ya vizuizi. Si kweli kabisa, lakini hoja haibadiliki.)

Sasa, hesabu ya kuzidisha ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba imesahau waliorudishwa. Elektroni iliyoingia kisimani na kugonga kizuizi cha pili hairudi moja kwa moja ilikotoka, kwani nyuma yake kuna kizuizi cha kwanza, na hicho nacho kinairudisha mbele. Inagonga huku na kule, na kila mgongano ni nafasi mpya ya kutoka. Ukijumlisha safari zote hizo kwa uwezekano wa kawaida, bila wimbi lolote, unapata kama wanne katika elfu. Tayari tumeshaachana na sitini na nne katika milioni.

Kasoro ya pili ndiyo kubwa. Kinachogonga huku na kule ni wimbi, na mawimbi hujumlishwa kwa mpangilio wa vilele na mabonde yake kabla ya kuhesabu uwezekano. Anayesukuma bembea za watoto pale Mnazi Mmoja siku ya sikukuu anajua kwamba msukumo mdogo unaokuja kila bembea inaporudi huikuza, na msukumo huohuo ukija ovyo huizima. Kwa nishati ya 0.09, wimbi linalomaliza mzunguko mmoja kisimani linakutana na wimbi jipya linaloingia, vilele kwa vilele. Linakua. Linaendelea kukua mpaka nguvu ya wimbi linalokwenda mbele ndani ya kisima inafikia kama mara 130 ya lile linalokuja kutoka nje. Hapo ndipo siri ilipo: kizuizi cha pili bado kinavujisha nane katika elfu, hakijabadilika hata chembe, lakini nane katika elfu ya mara 130 ni moja kamili. Na kule nyuma, wimbi linalovuja kupitia kizuizi cha kwanza linatoka kinyume na lile lililokuwa likirudishwa, na mawili hayo yanafutana. Hakuna kinachorudi.

Ukisogea kando ya nishati hiyo, mambo yanageuka. Mawimbi ndani ya kisima yanapingana, na panapokuwa na upinzani mkubwa kabisa, vizuizi vyenye uvujaji huohuo hupitisha kama kumi na tano tu katika milioni. Kwa hiyo wimbi halikuongeza wapitaji kutoka popote. Limewanyima wa nishati nyingine na kuwapa wa nishati chache, na ukichukua wastani wa mipangilio yote ya wimbi unarudi palepale kwenye wanne katika elfu.

Ngazi hii tunaiita nusu-fungwa, kwa sababu elektroni iliyomo haikai milele. Kwa vipimo vyetu, mzunguko mmoja wa kwenda na kurudi unachukua kama sekunde 2.4 × 10⁻¹⁴, na kila mzunguko una nafasi mbili za kutoka, kwa hiyo baada ya mizunguko 65 hivi, yaani pikosekunde 1.6, elektroni inatoka. Kitu kinachodumu muda mfupi hakiwezi kuwa na nishati iliyonyooka kama uzi. Upana wake hapa ni elektronivolti 0.0004. Ukipunguza vizuizi kutoka nanomita 5 hadi 3, muda huo unashuka karibu mara kumi na upana unaongezeka kiasi hichohicho. Kilele bado kinafika moja, ila kinanenepa. Na vizuizi visipolingana, kilele hakifiki moja tena, kwani, T1 na T2 zikiwa uvujaji wa kila kizuizi,

T = 4·T1·T2 / (T1 + T2)²

na kimoja kikivujisha mara kumi ya chenziwe unabaki na theluthi moja tu. Jambo hili lina uzito, kwa sababu mara unapowasha volteji, vizuizi viwili vilivyokuwa pacha havilingani tena.

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapoteleza, na baadhi ya maelezo niliyoyasoma yanateleza pamoja nao. Huona kilele kwenye mchoro wa upitishaji, kisha huona kilele kwenye mchoro wa mkondo dhidi ya volteji, na kudhani ni kitu kimoja. Sivyo.

Katika kifaa halisi, elektroni zinazokuja zina nishati nyingi tofauti, kutoka sakafu ya fuwele hadi kiwango cha Fermi, yaani nishati ya juu kabisa zilipojaa elektroni, tuseme elektronivolti 0.05 juu ya sakafu. Tena zinatembea pande tatu, na kizuizi kinashughulika na nishati ya mwendo wa kwenda mbele tu. Mwendo wa pembeni unapita bila kuguswa. Ukiwasha volteji, ngazi ya kisima inashuka ikilinganishwa na upande zinakotoka elektroni, kwa takriban nusu ya volteji yote, kwani kisima kiko katikati. Tukiwa na ngazi ya 0.09, hakuna kitu cha maana kinachopita mpaka ishuke hadi 0.05, na hilo linahitaji volti 0.08. Kuanzia hapo mkondo unapanda kwa utaratibu, kwa sababu kadiri ngazi inavyoshuka, ndivyo elektroni zenye nishati hiyo ya kwenda mbele zinavyokuwa nyingi. Zinakuwa nyingi kabisa ngazi inapogusa sakafu, kwenye volti 0.18. Ukiongeza kidogo tu, ngazi iko chini ya sakafu, na hakuna hata elektroni moja yenye nishati ya mbele inayolingana nayo. Mkondo unaporomoka. Volteji imepanda, mkondo umeshuka.

Tazama kwamba kuporomoka huko hakukuhitaji mawimbi yafike yakiwa yamepangana kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1985 Serge Luryi alionyesha kwamba hata elektroni ikiingia kisimani, ikasahau mpangilio wake kwa kugongwagongwa, kisha ikatoka kama safari ya pili, mkondo bado utaporomoka. Kinachotakiwa ni kwamba kisima kiwe na ngazi na mwendo wa pembeni uhifadhiwe. Kwa hiyo kuona kilele cha mkondo hakuthibitishi kwamba upitishaji ulifika moja. Migongano inashusha kilele cha upitishaji na kukitanua, eneo chini yake linabaki lilelile, na mkondo, ambao unajumlisha eneo, haujali.

Hii ndiyo sababu pia kifaa kinaweza kufanya kazi kwenye joto la kawaida la Unguja, ambapo nishati ya joto ni elektronivolti 0.026, mara sitini na zaidi ya upana wa ngazi yetu. Joto linafifisha mwanzo wa mkondo, si sakafu. Taabu ya joto iko kwingine. Kisima chetu kina ngazi ya pili kwenye 0.287, karibu kabisa na kilele cha vizuizi vya 0.3, na elektroni zenye joto hupitia huko au juu kabisa ya vizuizi na kujaza bonde la mkondo lililo baada ya kilele, ambalo lilitakiwa kuwa tupu. Raphael Tsu na Leo Esaki walichapisha hesabu hizi mwaka 1973, na mwaka uliofuata, pamoja na Leroy Chang, wakaona vilele kwenye sampuli zilizopozwa. Mwaka 1983 kundi la Sollner huko Marekani lilionyesha kifaa cha namna hii kikiitikia mawimbi ya mizunguko trilioni 2.5 kwa sekunde.

Bonde lina wachafuzi wengine pia. Fuwele ya GaAs inatikisika, na elektroni inaweza kutoa elektronivolti 0.036 kwa mtikisiko mmoja, fononi, kisha ikaangukia ngazini ingawa ilikuwa juu mno. Hilo huacha kilima kidogo baada ya kilele kikuu, na umbali baina yao humwambia mpimaji chanzo chake. Wa pili ni mkono wa aliyekuza fuwele. Tabaka moja la molekuli ni nanomita 0.28, kisima kikizidi kwa tabaka moja tu sehemu fulani, ngazi pale inashuka kwa elektronivolti 0.006, mara kumi na tano ya upana wake wa asili. Ukipima ngazi pana kuliko hesabu, shuku unene kabla ya kushuku nadharia.

Na ukipima eneo la kushuka ukaona mkondo una vidaraja bapa badala ya mteremko, usifurahi haraka. Kifaa ambacho mkondo wake hushuka volteji ikipanda hupenda kujitetemesha pamoja na nyaya za saketi, na mita ya polepole inaonyesha wastani wa mtetemo huo tu. Mwaka 1987 wataalamu walibishana wazi juu ya hili: Goldman, Tsui na Cunningham walisema njia mbili tofauti ambazo mkondo hufuata volteji ikipanda na ikishuka zinatokana na chaji inayojilimbikiza kisimani, na Sollner akajibu kwamba mtetemo wa saketi unaweza kutoa picha hiyohiyo. Kwa hiyo weka kapasita sambamba na kifaa, fupisha nyaya, na upime tena. Vidaraja vikipotea au vikihama, vilikuwa vya saketi. Vikibaki palepale, dai la chaji linaanza kusikilizika.